Shafti ya kilo sitini ambayo mjomba aliinua kwa mkono mmoja

Kuna shilingi elfu mbili na kitu nilipoteza kwa sababu nilipima chuma kikiwa kimeshaisha kukerezwa, na mwenye duka la chuma anapima kikiwa bado kizima. Hiyo ndiyo stori ya leo. Najua wengi mlikuja hapa mkitarajia nimalizie ile ya landilodi, lakini hiyo itangoja, kwa sababu watu watatu wameniuliza kwenye komenti venye siku hizi nashinda Kibwezi nikiwa na mafuta kwenye kucha.

Jibu ni mjomba. Nilipoacha chuo mwaka wa pili (nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo, na tafadhali tusianze hiyo mada tena), mama aliniambia nisikae nyumbani nikipiga video za mbuzi. Mjomba ana karakana ndogo hapa Kibwezi, Makueni, na ndani kuna ledhi moja ya zamani, ile mashine inazungusha chuma na kisu kinakimenya kama muwa. Kazi yangu ilikuwa simu: kupokea wateja, kupiga hesabu, kutuma bei. Mjomba anajua kila kitu kuhusu chuma lakini hapendi kupiga hesabu kwa simu. Anasema vidole vyake ni vinene kuliko zile namba.

Basi siku moja mzee mmoja akaja kutoka ng'ambo, upande wa Ikutha. Kama hujui jiografia ya huku, ukitoka Kibwezi ukifuata ile lami inayoenda Kitui, unavuka mto Athi na tayari uko Kitui, halafu Ikutha, halafu Mutomo. Mzee ana kisiagi kikubwa cha kusaga chakula cha mifugo, na shafti ilikuwa imekatika. Alikuja na vipande viwili kwenye gunia na karatasi moja ambayo mtoto wake alikuwa amechora, vizuri kabisa, na vipimo vyote. Akauliza swali moja tu: "Kijana, chuma peke yake itanigharimu ngapi?"

Chuma huuzwa kwa kilo. Kwa hivyo swali la mzee, ukiliangalia vizuri, ni la uzito. Ukijua kilo unajua pesa. Na mimi nikajiambia hii ni silinda tu, nimefanya silinda tangu fomu tu.

Wacha niwaeleze shafti yenyewe ilivyo. Si fimbo moja nyoofu. Ni kama ngazi iliyolala: inaanza nyembamba, inanenepa, inanenepa tena katikati, halafu inarudi nyembamba. Kila unene una kazi yake. Mwisho wa kushoto ni mahali puli ya mkanda hukaa, kipenyo milimita 50. Inayofuata ni kiti cha beringi, 60. Katikati ni pale nyundo za kisiagi hufungwa, 75. Halafu beringi ya pili, 60, na kichwa cha mwisho, 50. Kile kialama cha duara lililokatwa na mstari, Ø, kwenye mchoro maana yake ni kipenyo, yaani upana wote kutoka ukingo hadi ukingo. Si kutoka katikati. Nitarudi hapo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huangukia, ingawa mimi niliangukia kwingine.

Chini ya mchoro kulikuwa na mishale ya urefu. Namba zilikuwa 120, 210, 690, 780, 840. Nikazichukua moja moja na kuzipa vipande: cha kwanza 120, cha pili 210, cha tatu 690, na kuendelea. Nikapiga kwa simu, nikajumlisha, nikapata kilo 60.7. Nikamwambia mzee kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Mzee, hii ni kama kilo sitini na moja."

Mzee akanyamaza. Mjomba alikuwa anakunywa chai karibu na mlango. Akaweka kikombe chini, akaenda kwenye lile gunia, akaliinua kwa mkono mmoja na kulishikilia hewani, vipande vyote viwili vikiwa ndani.

"We kijana. Simiti gunia ni kilo ngapi?"

"Hamsini, mjomba."

"Na mimi ninaweza shika simiti hivi?"

Manze. Mzee wa Ikutha alicheka mpaka akakohoa.

Mjomba hakunionyesha kosa. Alinirudishia karatasi na kwenda kumalizia chai, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kugombezwa. Nilikaa na huo mchoro dakika kumi nzima. Ndipo nikaona mishale yote ilikuwa inaanzia mahali pamoja, mwisho wa kushoto. Ile 210 si urefu wa kipande cha pili, ni umbali kutoka mwanzo wa shafti mpaka mahali kipande cha pili kinaishia. Wachoraji hufanya hivyo makusudi, kwa sababu fundi akipima kila kitu kutoka ukingo mmoja, makosa madogo hayarundikani. Lakini kwa hesabu ya uzito unahitaji urefu wa kila kipande peke yake, kwa hivyo unatoa: 210 toa 120 ni 90. 690 toa 210 ni 480. 780 toa 690 ni 90. 840 toa 780 ni 60.

Na kulikuwa na njia ya kujua hata bila kuona mishale. Shafti nzima ilikuwa pale chini, haifiki mita moja. Urefu wangu nilioujumlisha ulikuwa milimita 2,640, yaani mita mbili na nusu na zaidi. Hiyo haingeingia hata kwenye ledhi ya mjomba. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa kipenyo chochote, najumlisha urefu wa vipande kwanza na kuulinganisha na urefu wote. 120 na 90 na 480 na 90 na 60 ni 840. Zikikataa kulingana, siendelei.

Sasa tuje kwa uzito wenyewe. Wazo ni dogo sana: shafti ya ngazi ni silinda kadhaa zilizopangwa foleni. Unatafuta ujazo wa kila silinda, unazidisha na densiti ya chuma, unajumlisha. Densiti ya chuma cha kawaida ni kilo 7,850 kwa kila mita moja ya ujazo. Kama mita ya ujazo haikuingii akilini, fikiria boksi la sentimita moja kila upande. Likijaa maji lina gramu 1, likiwa chuma lina gramu 7.85. Kwa hivyo jerikani ya lita 20 ya maji, ile kila mtu hapa ameibeba tangu darasa la tatu, ikijazwa chuma tupu ingekuwa kilo 157. Hakuna mtu angekutuma mtoni nayo.

Kwa simu unaandika hivi, vipimo vyote vikiwa milimita:

```
kg = d * d * L * 0.000006165
```

Hiyo namba ndefu si uchawi. Ni pai gawanya kwa nne, mara densiti ya chuma ikiwa imeshageuzwa iwe kilo kwa milimita ya ujazo. Pai gawanya kwa nne inatoka pale kwa eneo la duara, ukitumia kipenyo badala ya nusu ya kipenyo. Mimi naipenda hivyo kwa sababu mchoro unakupa kipenyo, na kila mara unapogawanya kwa mbili kichwani unajipa nafasi ya kusahau. Ukisahau, ukaweka kipenyo mahali pa nusu yake, jibu linakuwa mara nne kamili. Shafti ya mzee ingekuwa karibu kilo 94. Kwa hivyo ukiona jibu lako ni zito ajabu, ligawe kwa nne uone kama linaanza kuonekana la kweli.

Watu wa mjengo wana njia yao tamu zaidi. Muulize fundi yeyote anayefunga nondo atakuambia: kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa 162, hiyo ni kilo kwa kila mita. Ni hesabu ileile, imevaa nguo za kazi. Nondo ya milimita 12 ni 144 gawanya kwa 162, karibu gramu 890 kwa mita. Inafanya kazi kwa shafti pia, kwa sababu chuma ni chuma.

Twende na ya mzee. Kipande cha 50 kina kilo 15.4 kwa mita, na urefu wake ni milimita 120, kwa hivyo ni kilo 1.85. Beringi ya 60 ina kilo 22.2 kwa mita, kwa milimita 90 ni karibu kilo 2, na ziko mbili, kwa hivyo 4. Katikati pale pa 75 kuna kilo 34.7 kwa mita, kwa milimita 480 ni kilo 16.65. Kichwa cha mwisho ni gramu 925. Jumla kilo 23.4.

Kabla sijafungua mdomo mara ya pili nilifanya kitu ambacho sasa nakifanya kila wakati. Nilijiuliza, kama shafti yote ingekuwa nene kama pale katikati, 75 kutoka mwanzo hadi mwisho, ingekuwa kilo ngapi? 29.1. Na kama yote ingekuwa nyembamba, 50? Karibu 13. Jibu la kweli lazima likae kati ya hizo mbili, na kwa sababu sehemu nene ndiyo ndefu zaidi, lazima liegemee juu. 23.4 inaegemea juu. Ile 60.7 yangu ilikuwa imeruka ukuta kabisa, na ningeiona kwa sekunde ishirini kama ningeuliza.

Halafu tukaenda kupima. Jirani ya karakana kuna mama anayenunua ndengu kwa gunia, ana mizani kubwa ya kuning'iniza. Tukamwomba ruhusa, tukatundika lile gunia la mzee. Mshale ukasimama kwa 23. Vipande vilikuwa vya zamani, pale pa beringi pameliwa kidogo na kutu imepita kila mahali, kwa hivyo kukosa gramu mia nne hakukunishtua. Mjomba alitingisha kichwa mara moja tu. Kwa mjomba hiyo ni sherehe.

Hapa nijibu mtu mmoja aliyeniandikia kwa faragha baada ya ile video fupi niliyoweka. Aliniuliza kwa nini nijisumbue kipande kwa kipande, si nichukue wastani wa vipenyo na nipige mara moja? Nilijaribu. 50, 60, 75, 60, 50, wastani ni 59. Ukipiga shafti ya 59 yenye urefu wa 840 unapata kilo 18. Umepoteza kilo tano na zaidi. Sababu ya kwanza ni kwamba wastani huo unahesabu kale kakichwa ka milimita 60 sawasawa na katikati ya milimita 480. Sawa, hebu turekebishe, tupe kila kipenyo uzito kulingana na urefu wake. Wastani unakuwa 66.4, na shafti inakuwa kilo 22.9. Bado iko chini. Na itakuwa chini daima, kwa sababu uzito haufuati kipenyo, unafuata kipenyo mara kipenyo. Sehemu nene inakula kuliko vile macho yanaona. Pale katikati ni zaidi kidogo ya nusu ya urefu wa shafti, lakini ni zaidi ya thuluthi mbili za uzito wake.

Mwingine aliuliza kuhusu mfereji wa ufunguo, ile njia huchongwa kwenye shafti ili puli isiteleze. Mchoro wa mzee ulikuwa na mmoja: upana 14, kina 5.5, urefu 80. Ukiupima ni gramu 48. Kwa shafti ya kilo 23 hiyo ni kelele tu, mizani ya mama wa ndengu haiwezi hata kuiona. Siuhesabu.

Lakini kuna kitu chepesi zaidi ambacho mjomba hakukubali tukiache. Shafti ya mzee ilikatika pale 50 inakutana na 60, na ukiangalia uso wa mahali ilipokatika, kona ilikuwa imekatwa kali kama pembe ya meza. Kona kali hukusanya mzigo wote mahali pamoja, na kwa kila mzunguko ufa unaingia kidogo kidogo, mpaka siku inaachia. Mjomba akaongeza kwa kalamu mviringo wa milimita 3 kwenye ile kona, na akaandika kwamba mdomo wa puli upigwe msasa wa pembeni ili ukae vizuri. Nilipiga hesabu ya chuma kinachobaki kwa sababu ya ule mviringo, kwa udadisi tu. Ni gramu mbili na nusu hivi. Kwenye hesabu ya kilo haipo kabisa, lakini mjomba anasema hiyo ndiyo kazi aliyolipwa.

Sasa ile elfu mbili. Nilikuwa na kilo 23.4, iliyothibitishwa na mizani. Nilikuwa na kichwa kikubwa. Nikamtumia mzee bei ya chuma: kilo 23.4 mara bei ya kilo moja. Hapa nitatumia shilingi 200 kwa kilo ili namba ziwe rahisi, msije mkaniambia kwenye komenti kwamba kwenu ni tofauti, najua. Inakuwa shilingi 4,680. Mzee akatuma Empesa palepale, kabla hajafika hata Ikutha.

Mjomba aliporudi jioni akauliza, "Umeagiza chuma cha ngapi?"

"Cha 75, mjomba, urefu 840."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia tairi lililopasuka.

Hakuna mtu anayenunua fimbo ya 75 ili atengeneze shafti ya 75. Chuma kikitoka kiwandani kikiwa cheusi kina ganda juu, na mara nyingi si duara kamili. Lazima ukimenye mpaka ufike kwenye chuma safi. Kwa hivyo unapanda mpaka saizi inayofuata dukani, na kwetu ilikuwa 80. Na ncha mbili zimekatwa kwa msumeno, hazijanyooka, lazima uziparure, kwa hivyo unaongeza milimita 5 kila upande. Urefu unakuwa 850. Sasa piga: 80 mara 80 gawanya kwa 162 ni kilo 39.5 kwa mita, kwa milimita 850 ni kilo 33.5. Hicho ndicho unacholipia. Zile kilo kumi za tofauti zinaishia sakafuni zikiwa nywele za chuma.

Yaani mchoro una uzito wa aina mbili na mimi nilijua mmoja. Wa kwanza ni wa shafti iliyokamilika, ule unamwambia mwenye bodaboda na kumwambia mtu atakayeifunga kwenye kisiagi. Wa pili ni wa fimbo mbichi, ule unalipia. Ukiuza kwa wa kwanza na kununua kwa wa pili, tofauti inatoka mfukoni mwako. Mjomba hakutaka mzee aongezewe bei, alisema neno likishatoka limetoka. Pesa ikatoka kwangu, ile nilikuwa nimeweka ya kununua maiki.

Na hata haikuishia kwa 33.5. Niliagiza kwa duka moja Nairobi, kule Indaa, wakakata na kutuma kwa basi. Risiti ilikuja na kilo 34. Mimi na hasira zangu za siku hiyo nikaanza kuandika posti ndefu kuhusu watu wa Nairobi na mizani zao. Ilikuwa karibu niibonyeze. Mjomba akaniambia nipime kwanza. Nikachukua kalipa, nikapima hiyo fimbo mahali pane tofauti. Haikuwa 80. Ilikuwa 80.5. Nikapiga tena: 80.5 mara 80.5, urefu 850, kilo 33.96. Mizani ya watu ilikuwa sawa kabisa. Nusu milimita, unene wa kucha, ilileta karibu nusu kilo.

Hiyo ndiyo tabia ya kipenyo kuwa mara mbili ndani ya hesabu. Ukikosea urefu kwa asilimia moja, uzito unakosea kwa asilimia moja. Ukikosea kipenyo kwa asilimia moja, uzito unakosea kwa mbili. Kwa hivyo kama una dakika moja tu ya kupima, itumie kwenye unene. Urefu hata tepu ya fundi nguo inatosha.

Kuna kitu kimoja nilidhani uzito ungenisaidia na haukunisaidia. Mchoro ulisema chuma kiwe EN8, ambacho kina kaboni zaidi na ni kigumu kuliko kile laini cha kuchomelea madirisha na mageti. Nikajiambia, vizuri, nikishapima uzito na ujazo nitapata densiti, na nitajua kama wametutumia kile tulicholipia. Hapana. Chuma laini na EN8 vyote viko palepale kwenye 7,850 hivi. Mizani haiwezi kuvitofautisha. Inaweza kukuambia kama ni chuma cha kuvalisha sufuria ama ni alumini, kwa sababu shafti hiyohiyo kwa alumini ingekuwa kilo 8 tu. Shaba ya manjano ingekuwa nzito kuliko chuma, chuma cha kumwaga kingekuwa chepesi kidogo. Lakini chuma na chuma, hapana. Mjomba aliweka ncha ya fimbo kwenye jiwe la kunolea na kuangalia cheche jinsi zinavyopasuka, halafu akafanya hivyo kwa kipande cha chuma laini kutoka kwa geti la mtu. Cheche za fimbo yetu zilikuwa na matawi mengi zaidi. Akasema ni sawa. Mimi sikuona tofauti mpaka alipozirudia mara tatu.

Kazi ilichukua siku mbili. Fimbo ya kilo 34 si nzito kwa mtu mmoja kuiinua kutoka chini, lakini kuiinua na kuishikilia sawasawa kwenye taya za ledhi huku unakaza ni kitu kingine, na hapo tulikuwa wawili, mmoja chini ya kila mwisho. Mjomba ana kidole kimoja kifupi kwa sababu ya siku aliyokuwa peke yake. Ndiyo maana huwa ananiuliza kilo kabla hata ya kuuliza bei.

Ilipokamilika tukaipeleka tena kwa mama wa ndengu. Mshale ulikaa kati ya 23 na 23 na nusu, karibu zaidi na nusu. Mzee wa Ikutha alikuja mwenyewe na pikipiki, akaifunga nyuma kwa mipira, na kabla hajaondoka akaniuliza kwa upole kabisa: "Na hii sasa ni kilo sitini?"

Nilifagia nywele za chuma zote nikaweka kwenye gunia ili tuuze kama skrapu. Kwa hesabu zilitakiwa kuwa kilo 10.6. Mizani ilisema 10. Zile gramu mia sita zingine nadhani nyingi bado ziko kwenye nyufa za sakafu ya mjomba, na moja iko kwenye soli ya kiatu changu, naisikia kila nikitembea.